MAELEZO KWA WAOMBAJI WA MASOMO YA JUU: LUGHA ZITAJWE PAMOJA NA KAZI YAKE

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaoomba nafasi za masomo ya juu wanafahamishwa kwamba kuorodhesha Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza katika barua ya maombi hakutoshi kuonesha uwezo wa kitaaluma. Uwezo huo huonekana katika kazi iliyofanywa kwa lugha hizo.

Achukuliwe kwa mfano mwombaji wa masomo ya historia aliyechunguza hati za mashamba ya mikarafuu. Muhtasari wa Kiingereza unasema kwamba shamba fulani liliuzwa. Hati yenyewe ya Kiarabu, hata hivyo, inataja bei ya khiyari, yaani mauzo ambayo muuzaji hubaki na haki ya kulikomboa shamba lake kwa kurejesha fedha katika muda uliowekwa. Mauzo ya namna hiyo yalitumika sana Unguja na Pemba kama njia ya kukopa.

Katika maombi yake, mwombaji huyo aeleze hati aliyoisoma, neno lililotofautiana na hitimisho lililobadilika: aliyedhaniwa kuwa amepoteza shamba alikuwa mdaiwa aliyeliweka rehani.

Aidha, kila lugha itajwe kwa kiwango chake. Aliyejifunza chuoni kusoma Kurani bila ya kufahamu maana asidai kwamba anasoma hati za Kiarabu. Akipewa ukurasa mmoja katika usaili, upungufu utadhihirika, na maelezo yake mengine pia yatatiliwa shaka.