Nukta Iwekwe Wapi?

Katika insha moja ya mtihani imeandikwa hivi:

"Jana mvua ilinyesha sana, mto ulifurika, baba alishindwa kuvuka, mimi nilikwenda kumsaidia."

Hapo sentensi nne zimeshikwa kwa mkato tu, na mkato peke yake hauna nguvu hiyo. Kwanza, pigieni mstari vitenzi: ilinyesha, ulifurika, alishindwa, nilikwenda. Kuvuka na kumsaidia msivihesabu, kwani havionyeshi mtenda wala wakati. Pili, mtenda akibadilika na habari imekwisha, wekeni nukta na herufi kubwa, au tieni neno la kuunga. Tutapata:

"Jana mvua ilinyesha sana na mto ukafurika. Baba alishindwa kuvuka, kwa hiyo mimi nilikwenda kumsaidia."

Lakini msikate ovyo. "Baba aliamka, akanawa, akaondoka" ni sentensi moja sahihi, kwa sababu -ka- huunga tendo na tendo. Tena, "Mvua iliponyesha" haisimami peke yake. Ukiweka nukta hapo, msomaji atauliza: ikawaje?

Sasa tengenezeni hii: "Mtoto aliugua, mama alimpeleka hospitali, mganga alimpa dawa."