Kukata Rufaa Hakumzuii Dalali

Dalali wa mahakama anapofika getini na karatasi zake, neno la kwanza analolisikia mara nyingi ni hili: "Mbona mimi nimekata rufaa?" Mwenye nyumba anatoa bahasha, anaonyesha muhuri wa masjala, anataka dalali ageuze gari. Dalali hageuzi. Amri aliyonayo mkononi bado ni halali, na bahasha ile, hata ikiwa na muhuri, haiigusi.

Sheria ya Tanzania imeliweka jambo hili wazi. Kanuni ya 11 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009, kama zilivyorekebishwa mwaka 2017, inasema kwamba rufaa peke yake haisimamishi utekelezaji wa hukumu. Aliyeshinda Mahakama Kuu anaruhusiwa kuomba hukumu yake ikaziwe hata kama mwenzake ameshatangaza kwenda mbele. Anayetaka kusubiriwa lazima aombe kusubiriwa, tena kwa maombi ya peke yake. Maombi hayo ndiyo yanayoitwa maombi ya kusimamisha utekelezaji wa hukumu.

Tuchukue mfano wa kubuni, ili tuone hatua zake. Mfanyabiashara wa mpunga Morogoro ameshindwa kesi Mahakama Kuu. Hukumu imetolewa tarehe 4 Machi, na ameamriwa amlipe mwenzake shilingi milioni 86. Haridhiki. Tarehe 18 Machi anawasilisha notisi ya kukata rufaa, akiwa bado ndani ya siku 30 zinazoruhusiwa. Hapo ameufungua mlango wa Mahakama ya Rufani, na bila notisi hiyo hawezi hata kuomba utekelezaji usimamishwe. Lakini kwa upande wa utekelezaji hakuna kilichobadilika: milioni 86 bado anadaiwa, na mwenzake anaweza kuzifuata kesho yake.

Wengi hukimbilia kuomba zuio siku hiyo hiyo. Baada ya marekebisho ya 2017, kukimbilia huko kunaweza kuwa bure, kwa sababu muda wa kuomba hauhesabiwi tena kuanzia hukumu au notisi ya rufaa. Unahesabiwa tangu mdaiwa alipopelekewa notisi ya utekelezaji, au tangu alipopata habari kwa njia nyingine kwamba mwenzake ameomba hukumu ikaziwe. Kama hakuna aliyeomba kukazia hukumu, bado hakuna cha kusimamisha. Na akishapata habari, ana siku 14 tu.

Mfanyabiashara wetu anapelekewa notisi hiyo tarehe 12 Mei. Inamtaka afike mbele ya msajili aeleze kwa nini mashine yake ya kukoboa mpunga na nyumba anayoishi zisikamatwe na kuuzwa. Kuanzia hapo saa yake inakwenda, na siku yake ya mwisho ni tarehe 26 Mei. Akifika tarehe 27, maombi yake yatatupwa kabla hasara yake haijazungumzwa, isipokuwa kwanza ameomba kuongezewa muda na akatoa sababu za kuridhisha za kila siku aliyochelewa. Kwa hiyo karatasi ya dalali au ya mahakama isipokewe na mtoto na kuwekwa juu ya kabati. Iandikwe tarehe iliyopokewa, maana tarehe hiyo itatajwa kwenye kiapo.

Maombi yenyewe hupelekwa kwa hati ya maombi ikiambatana na hati ya kiapo. Kanuni inataka viambatishwe vitu vinne: notisi ya kukata rufaa, nakala ya hukumu, nakala ya dikrii, yaani ile hati fupi inayotaja nani alipe nini, na notisi ya utekelezaji. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi, na kukosekana kwake kumeyaangusha maombi mengi. Mahakama inaihitaji kwa sababu mbili: inathibitisha kwamba utekelezaji kweli unakuja, na inaonyesha siku 14 zilianza lini. Kama mnada u karibu mno kiasi cha kutosubiri usikilizwaji wa pande zote mbili, mwombaji anaweza kuwasilisha hati ya dharura na kuomba amri ya muda itakayoshikilia mambo mpaka maombi yasikilizwe.

Baada ya hapo ndipo yanapokuja mambo mawili ambayo aliyeshindwa lazima airidhishe nayo Mahakama. La kwanza ni kwamba atapata hasara kubwa utekelezaji usiposimamishwa. La pili ni kwamba ametoa dhamana ya kutimiza hukumu endapo rufaa itamshinda. Yote mawili yawepo kwa pamoja. Aliye na moja akakosa jingine anaondoka mikono mitupu.

Kuhusu hasara, kosa la kawaida ni kunakili maneno ya kanuni. Kiapo kinasema, "Mwombaji atapata hasara kubwa isiyoweza kufidiwa," kisha kinanyamaza. Mahakama ya Rufani ilikwishalikataa jambo hili zamani, katika shauri la Bodi ya Masoko ya Pamba Tanzania dhidi ya kampuni ya Cogecot, lililomo katika ripoti za sheria za mwaka 1997. Msimamo wake ni kwamba haitoshi kuyarudia maneno ya sheria: aina ya hasara itajwe, maelezo yake yatolewe, na Mahakama iamini kwamba hasara hiyo itatokea kweli.

Mfanyabiashara wa Morogoro basi aseme nini? Kulipa milioni 86 kunauma, lakini maumivu ya kulipa ndiyo matokeo ya kawaida ya kushindwa kesi, na hayatoshi. Anachopaswa kuonyesha ni kile ambacho hakitarudi hata akishinda rufaa. Aeleze kwamba mashine inayotaka kuuzwa ndiyo inayoendesha biashara nzima, na aambatishe leseni na hesabu za mauzo. Aeleze kwamba nyumba iliyotajwa ndiyo anayoishi na familia yake, na kwamba ikishanunuliwa mnadani na mtu wa tatu, kuirudisha kutakuwa kesi nyingine ya miaka. Kama ana habari za kweli kwamba mwenzake hana mali inayoonekana ambayo fedha zingeweza kurudishwa kwayo, azitaje pamoja na alikozipata. Kiapo ni mahali pa mambo yaliyotokea na yanayojulikana. Hoja za sheria zina nafasi yake siku ya kusikilizwa.

Kuna kitu ambacho hatakiwi kukionyesha, nacho huwachanganya wengi. Hatakiwi kuthibitisha kwamba rufaa yake itashinda. Kanuni ya 11 ya sasa haitaji nguvu ya rufaa miongoni mwa masharti yake, na kurasa kumi za kueleza jinsi jaji alivyokosea haziwezi kujaza pengo la hasara au la dhamana. Kwa majirani zetu wa Kenya mambo ni tofauti: anayeomba zuio katika Mahakama yao ya Rufani huulizwa kwanza kama rufaa yake ina hoja ya kusikilizwa, kisha kama itakuwa kazi bure zuio lisipotolewa. Msomaji anayesoma maamuzi ya Nairobi asiyabebe yalivyo hadi Dar es Salaam.

Dhamana ndiyo jiwe linalowakwaza zaidi walioshindwa. Mantiki yake ni rahisi. Zuio linamnyima mshindi tunda la kesi kwa muda ambao pengine utakuwa mrefu. Ni haki basi awe na uhakika kwamba siku rufaa ikitupwa atakuta kitu cha kushika, siyo ghala tupu na mdaiwa aliyehamia mkoa mwingine.

Je, lazima dhamana iwe imeshawekwa siku ya kuomba? Katika maombi ya kampuni ya Mantrac Tanzania yaliyofunguliwa mwaka 2010, Mahakama ya Rufani ilisema hapana: ahadi thabiti ya kutoa dhamana inaweza kutosha, mradi Mahakama iweke muda unaofaa wa kuitimiza. Neno la kushika hapo ni "thabiti". Kiapo kinachosema mwombaji "yuko tayari kutii sharti lolote" ni dhaifu. Kiapo kizuri kinataja kitu: dhamana ya benki ya shilingi milioni 86, au hati ya kiwanja fulani kisicho na deni, pamoja na ripoti ya mthamini. Mtu asitoe ahadi ya benki kabla hajaongea na benki, kwa kuwa benki nayo itataka fedha taslimu au mali ya kushikilia kabla haijaandika barua hiyo.

Mahakama ikiridhika, huagiza utekelezaji usimame mpaka rufaa iamuliwe, kwa sharti kwamba dhamana iwekwe ndani ya siku zilizotajwa, kwa mfano 30. Siku hizo zikipita bila dhamana, zuio linaanguka na dalali anarudi. Notisi ya rufaa ikiondolewa au ikifutwa kwa sababu rufaa yenyewe haikufunguliwa kwa wakati, zuio linakosa mguu wa kusimamia.

Mshindi naye ana la kuangalia. Asome barua ya benki neno kwa neno. Kama inaisha baada ya miezi 12 na rufaa ikaendelea miezi 30, atakuwa ameshikilia karatasi. Adai iwe inahuishwa kila mwaka au idumu mpaka rufaa iamuliwe.

Mipaka nayo ijulikane. Kesi iliyotupwa bila amri ya kulipa au kufanya chochote haina cha kusimamishwa, isipokuwa pengine gharama za kesi. Na utekelezaji uliokwisha hausimamishwi: nyumba ikishauzwa na kukabidhiwa, maombi ya zuio yamepitwa na wakati, na njia iliyobaki ni nyingine kabisa.

Haya yote ni ya rufaa zinazotoka Mahakama Kuu. Kwa hukumu za Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi zinazopanda kwenda Mahakama Kuu, hutumika Amri ya 39, kanuni ya 5, ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai. Humo masharti ni matatu: hasara kubwa, dhamana, na kwamba mwombaji hakuchelewa pasipo sababu.

Kwa hiyo, ukipokea notisi ya utekelezaji, andika tarehe juu yake kabla hujaikunja, hesabu siku 14, kisha muulize wakili wako maswali mawili: tutaonyesha hasara gani, na dhamana yetu ni ipi? Akikujibu kwa kukueleza tu jinsi jaji alivyokosea, muulize tena.