Namna ya Kuandika Tangazo Gumu kwa Heshima: Mfano wa Maji Yenye Floraidi

Katika miteremko ya Mlima Meru, hasa upande wa mashariki kuelekea Maji ya Chai na Ngarenanyuki, maji mengi yana madini ya floraidi kupita kiasi. Madini hayo hutoka katika miamba ya volkano ya mlima wenyewe. Hayana rangi wala harufu, na ulimi hauyatambui. Dalili inayojulikana kwa wote ni meno ya kahawia, ambayo wengi wetu tuliyazoea utotoni kana kwamba ni alama ya kabila au ya kijiji. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi, hudhuru hata mifupa.

Maji ya kisima yanapopimwa, majibu huja kwa lugha ya maabara, nayo ni lugha fupi na kavu. Mara nyingi viongozi wa jumuiya ndogondogo na wa halmashauri ya walei ndio wanaoombwa kuyafikisha kwa familia, kwa tangazo la kusomwa baada ya Misa au kubandikwa ukutani. Hapo ndipo ugumu unapoanza. Kwetu neno zito halitupwi mbele ya watu bila salamu na bila kumtazama atakayeaibika. Lakini maji hayasubiri adabu zetu. Mtoto atayanywa jioni ileile.

Tuchukue mfano tulioutunga kwa ajili ya maelezo haya. Mzee mmoja alitoa eneo lake, na familia yake ikachangia kuchimba kisima ambacho sasa kinahudumia jumuiya mbili. Majibu ya kipimo yanasema hivi: “Sampuli ina floraidi miligramu 6.2 kwa lita. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni miligramu 1.5. Maji hayafai kwa kunywa na kupikia. Matumizi hayo yasitishwe.” Katibu, akiwa na haraka na uchungu wa watoto, anayanakili na kuongeza maneno yake: “Wenye kisima na wazazi wote wamekuwa wakiwanywesha watoto maji mabaya. Acheni mara moja.”

Kila jambo alilosema kuhusu maji ni kweli. Hata hivyo, tangazo lake halitafika. Familia ya mzee itasikia kwamba imetajwa kuwa wauaji mbele ya kanisa. Wazazi watasikia kwamba wamehukumiwa kwa jambo ambalo hawakuwa na njia ya kulijua. Mazungumzo ya wiki nzima yatakuwa juu ya katibu na ulimi wake, na maji yataendelea kuchotwa, pengine hata kwa makusudi, ili kumwonyesha mzee kwamba hajaachwa peke yake.

Basi tangazo linarudishwa kwa mtu mwenye busara ili alilainishe, naye analeta hili: “Wapendwa, tunamshukuru Mungu kwa zawadi ya maji. Wataalamu wamebaini kuwa ipo changamoto kidogo katika maji ya kisima chetu. Inashauriwa kuchukua tahadhari, hasa kwa watoto, kadiri itakavyowezekana. Tuendelee kuuombea mradi wetu.”

Hakuna atakayekasirika, na hakuna atakayejua la kufanya. Kwa maoni yetu, tangazo hili la pili lina madhara kuliko la kwanza. Neno “changamoto” siku hizi hubeba kila kitu, kuanzia umeme uliokatika hadi kuku aliyeugua. Halimwambii msomaji kwamba maji hayafai kunywa. “Kidogo” ni uongo, kwa kuwa 6.2 ni zaidi ya mara nne ya 1.5. “Inashauriwa” haina mwenye kushauri, na “kadiri itakavyowezekana” humpa kila mtu ruhusa ya kuendelea kama jana.

Lililo baya zaidi ni “kuchukua tahadhari.” Msomaji akikuta pengo katika maneno, hulijaza kwa kile anachokijua. Tangu miaka ya matangazo ya kipindupindu, tahadhari ya maji kwetu imekuwa na maana moja: kuchemsha. Mama mwema atachemsha maji ya kisima, atayapoza na kumpa mtoto kwa dhamiri safi. Lakini kuchemsha huua vijidudu tu, hakuondoi floraidi. Mvuke huondoka, madini hubaki sufuriani, na maji yaliyobaki huwa na floraidi nyingi zaidi kidogo kuliko mwanzo. Tangazo la upole limemwongoza mahali pabaya.

Kosa la matangazo yote mawili ni kudhani kwamba ukali wa neno na uwazi wake ni kitu kimoja, hata ukipunguza huu lazima upungue na ule. Tukiangalia kwa makini tutaona kwamba kilichouma katika tangazo la kwanza ni hukumu juu ya watu, wala si taarifa juu ya maji. “Mmewanywesha watoto maji mabaya” inamnyooshea mtu kidole. “Maji yamekutwa na floraidi nyingi” inanyoosha kidole kwenye maji. Kiswahili kinaturuhusu kumwondoa mtenda katika sentensi bila kupunguza uzito wa tendo, na hapo ndipo tunapopaswa kulainisha. Tunaweza pia kulainisha mpangilio, kwa kuanza na salamu na shukrani, na kulainisha namna ya kuagiza. Habari yenyewe hatuigusi: maji yapi, yana nini, nani asiyanywe, afanye nini badala yake.

Kuhusu namna ya kuagiza, ipo tofauti ambayo masikio yetu huijua ingawa kalamu huisahau. “Tunaomba msiyanywe” ni heshima, lakini bado ni agizo; anayesema dukani “naomba sukari” hategemei kunyimwa. “Ingependeza msiyanywe” au “ikiwezekana msiyanywe” ni jambo jingine, kwa kuwa linamwachia msikilizaji uamuzi. La kwanza linalainisha sauti tu. La pili linaondoa wajibu.

Wasomaji wa Maandiko watamkumbuka nabii Nathani alipotumwa kwa mfalme Daudi. Alianza mbali, kwa kisa cha tajiri na mwana-kondoo wa maskini, akamwacha mfalme akasirike mwenyewe. Lakini hakuondoka na kisa tu. Kisa kilipokwisha alimwambia Daudi waziwazi kwamba mtu huyo ni yeye. Angeishia kwenye kondoo, Daudi angelala usingizi mzuri.

Sasa tuandike tangazo la tatu:

“Wazazi wetu, shikamooni, ndugu na majirani, tunawasalimu. Tunaishukuru familia iliyotoa eneo la kisima, ambacho kimetupunguzia mwendo wa kuteka maji. Maji ya kisima hicho yamepimwa na kukutwa na floraidi nyingi: miligramu 6.2 katika kila lita, wakati maji ya kunywa hayapaswi kuzidi miligramu 1.5. Kwa hiyo maji haya hayafai kunywa wala kupikia, hasa kwa watoto walio chini ya miaka minane, ambao meno yao ya ukubwani bado yanajengeka. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Madini haya yanatoka katika miamba ya mlima. Hayakuletwa na mtu, na bila kipimo hakuna ambaye angeyajua. Kuanzia leo tunaomba maji ya kunywa na kupikia tuyachote katika bomba la shule, ambalo limepimwa na maji yake yanafaa. Maji ya kisima tuendelee kuyatumia kwa kufua, kuoga na ujenzi.”

Salamu na shukrani zimechukua sentensi mbili, na habari nzito imeanza katika ya tatu. Hicho ndicho kipimo tunachopendekeza. Utangulizi ukifika aya nzima, wa nyuma kanisani wameshaanza kutoka, na karatasi ya ukutani inasomwa mistari ya juu tu. Namba imewekwa pamoja na mwenzake, kwa sababu 6.2 peke yake haimwambii mtu lolote. Sentensi ya kuchemsha ni fupi na imesimama yenyewe, haikufichwa ndani ya nyingine. Sentensi ya miamba ya mlima ndiyo inayomwinua mzee na wazazi kutoka katika aibu, nayo ni kweli tupu, si kubembeleza. Na kisima hakikulaaniwa. Kimebakiziwa kazi, ili zawadi ya familia iendelee kuonekana kuwa zawadi.

Wapo watakaosema kwamba wazee walikunywa maji hayo na wakaishi. Tusiwadhihaki. Kwa miaka mingi taifa lenyewe liliruhusu kiwango cha juu zaidi kwa maji ya vijijini, kwa kuwa vyanzo vingine vilikuwa haba. Kiwango cha sasa ni 1.5. Hilo linaweza kuelezwa kwa mdomo, si lazima liingie katika tangazo.

Kabla ya tangazo kusomwa, familia yenye kisima iambiwe kwanza nyumbani kwake, na mtu wa rika la mzee awepo. Hakuna uandishi unaoweza kufidia hatua hii. Mzee akilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza akiwa benchini kanisani, hata tangazo la tatu litakuwa limemvunjia heshima.

Kisha lijaribiwe. Mpeni asome, au msomeeni, mtu ambaye hajayaona majibu ya maabara, msichague mwalimu. Msimwulize kama ameelewa, kwa maana atajibu ndiyo kwa adabu. Mwulizeni usiku huu atampikia mtoto uji kwa maji gani. Akijibu “ya kisima, lakini nitayachemsha kwanza,” tangazo linaandikwa upya, hata kama kila neno lake ni zuri. Vilevile tusidanganywe na majibu ya “tumesikia” na “tutalifanyia kazi” mkutanoni. Mara nyingi hayo ni namna yetu ya kusema hapana bila kuitamka, na anayetaka kujua ukweli aende asubuhi akaangalie ndoo zinaelekea wapi.

Mfano wetu ulikuwa na bomba la shule. Yako maeneo ambayo hakuna chanzo kingine, na hapo hakuna lugha itakayoziba upungufu huo: kuwaambia watu wasinywe bila kuwaambia wanywe nini ni ukatili hata ukiandikwa kwa shikamoo kumi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri huwa na floraidi kidogo sana. Njia nyingine ni kuchuja kwa mkaa wa mifupa, ambayo imefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Tangazo la chujio hilo lina mtego wake. Likisema “mkaa wa mifupa” na kunyamaza, kuna jirani Mwislamu atakayejiuliza ni mifupa ya mnyama gani, naye hatauliza. Ataacha tu kutumia. Iandikwe wazi kwamba ni mifupa ya ng'ombe. Na kwa kuwa mkaa huchoka baada ya muda bila maji kubadilika ladha wala rangi, juu ya ndoo yenyewe iandikwe tarehe ya kuubadilisha, na jina la mtu wa kumwendea siku hiyo ikifika.