Begi la Msafiri Linapogeuka Mzigo wa Biashara

Miongoni mwa wafanyabiashara wadogo wanaofuata bidhaa Dubai, Istanbul au Guangzhou na kurudi nazo kwa ndege hadi Dar es Salaam au Nairobi, imeenea dhana kwamba sheria humruhusu kila abiria kuingiza bidhaa za thamani fulani bila ushuru, na kwamba anayebaki chini ya kiwango hicho, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa dola 500 za Marekani na ambacho huweza kurekebishwa, hana deni lolote na forodha. Dhana hiyo ina ukweli nusu tu, na nusu inayosahauliwa ndiyo inayomhusu mfanyabiashara.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali lake la Tano, inatoa msamaha kwa mizigo ya abiria kwa masharti yanayokwenda pamoja: bidhaa ziwe mali ya abiria mwenyewe na aambatane nazo, ziwe kwa matumizi yake binafsi au ya nyumbani kwake, na ziwe za aina na kiasi ambacho ofisa wa forodha atakiridhia. Jedwali hilohilo linataja vitu visivyosamehewa, vikiwemo vitambaa vya jora na bidhaa zozote za biashara, yaani zilizokusudiwa kuuzwa au kupewa watu wengine. Kwa hiyo kiwango cha thamani hupima vitu vya matumizi binafsi peke yake. Viatu vya dola 200 vilivyonunuliwa ili viuzwe Kariakoo vinadaiwa ushuru, ilhali kompyuta ya dola 400 ya mwanafunzi anayerejea kutoka masomoni haidaiwi.

Kwa kuwa nia haionekani kwa macho, ofisa huisoma katika mzigo wenyewe. Magauni 40 ya mshono mmoja, yaliyopangwa kwa saizi kuanzia ndogo hadi kubwa, kila moja ndani ya mfuko wake wa nailoni, hayawezi kuwa nguo za mtu mmoja, na kung'oa lebo hakubadilishi hesabu ya saizi. Pasipoti yenye mihuri ya safari fupi za mfululizo huongeza shaka. Hila ya mfanyabiashara kuwagawia abiria wenzake mzigo nayo ni dhaifu, kwa sababu sharti la kwanza linataka kila mzigo uwe mali ya anayeubeba, na mwenzake akiulizwa bei au duka alikonunua mara nyingi hukosa jibu.

Magauni hayo 40, yakiwa yamenunuliwa kwa dola 15 kila moja na kuletwa Tanzania, yana ankara ya dola 600. Ankara ni hati ya muuzaji inayoonyesha bidhaa, idadi na bei, na ndiyo msingi wa thamani ya forodha. Ushuru wa forodha wa nguo zilizoshonwa, kwa kiwango cha asilimia 35, ni dola 210. Kisha Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani juu ya dola 810, nayo ni dola 145.80. Jumla ni dola 355.80 kabla ya tozo nyingine ndogo, sawa na takriban dola 9 kwa kila gauni, kiasi kinachopaswa kuingia katika bei kabla ya tiketi kukatwa.

Baada ya hapo mzigo huandikiwa tamko la forodha, yaani maelezo rasmi ya bidhaa yanayowasilishwa kwa njia ya mtandao na wakala wa forodha mwenye leseni, likiambatana na ankara, orodha ya vilivyofungashwa na namba ya mlipakodi. Baadhi ya bidhaa huhitaji pia kibali cha mdhibiti, na hapo ndipo wengi hukwama: vipodozi, ambavyo nchini Tanzania viko chini ya Shirika la Viwango tangu 2019, huweza kuzuiliwa hata kama mwenyewe yuko tayari kulipa kila kinachodaiwa. Ankara iliyopunguzwa bei haisaidii sana, maana ofisa akiitilia shaka anaweza kuiweka kando na kutumia thamani ya bidhaa zinazofanana zilizokwisha kuingizwa, na tamko la uongo ni kosa la jinai.

Aliyenunua ili auze na apite njia nyekundu, ambayo ni ya wenye kitu cha kutamka, akiwa na ankara halisi mkononi, na adai stakabadhi yenye jina lake, kwa kuwa ndiyo itakayothibitisha gharama za bidhaa wakati wa hesabu za kodi ya mapato.