Kwa Nini Simu ya Saa Janja Husikika Ndogo na Nyembamba

Wengi wanaopokea simu kwa saa janja hulalamikia mambo mawili kana kwamba ni jambo moja: sauti ni ndogo, tena nyembamba kama inatoka ndani ya debe. Mazungumzo yakiendelea, jaribu kuisogeza saa hadi sikioni. Sauti itakua papo hapo, ila ule wembamba hautaondoka wote.

Udogo huletwa zaidi na umbali. Mahali pa wazi, umbali ukipungua nusu, nguvu ya sauti inayofika sikioni huongezeka mara nne. Kuitoa saa sentimita 40 na kuileta sentimita 10 ni kuiongeza mara 16.

Wembamba una chanzo kingine. Spika husukuma hewa kwa utando unaotikisika, na kadiri sauti inavyokuwa nzito ndivyo utando unavyolazimika kwenda mbali zaidi. Kutoa mlio wa hezi 200 kwa nguvu ile ile ya mlio wa hezi 400 kunataka mwendo mara nne. Utando wa saa ni mdogo mno, na hewa kidogo iliyofungiwa nyuma yake huukinza. Sauti ya mwanamume huanzia karibu hezi 100, na hapo spika hiyo imeshashindwa. Zinazopita vizuri ni sauti za juu, kama "s" na "sh". Maneno yanaeleweka, lakini uzito wa sauti ya mtu unapotea.

Spika ya sikioni ya simu nayo ni ndogo. Inachopata ni kubanwa sikioni: haihangaiki kujaza chumba, inasukuma tu kile kihewa kilichozibwa kati yake na ngoma ya sikio, ndiyo maana sauti nzito husalimika. Weka simu hiyo hiyo mezani bila kuwasha spika kubwa, nayo itasikika nyembamba.

Upande wa maikrofoni, kifaa chenyewe hakitofautiani sana na cha simu. Taabu ni mahali kilipo. Mdomo uko mbali, huku spika ya saa iko sentimita chache tu pembeni, ikimwaga sauti ya mwenzako moja kwa moja ndani ya maikrofoni. Programu ya saa lazima iifute, la sivyo mwenzako atasikia mwangwi wake. Mkisema wote kwa pamoja, programu hiyo hufuta na maneno yako.

Basi muulize aliye upande wa pili. Akisema unakatika pale tu anapoongea yeye, hilo ni kazi ya kufuta mwangwi. Pokezaneni kusema, au punguza sauti ya spika. Akisema unasikika kama umefunikwa wakati wote, angalia tundu la maikrofoni: huenda lina maji au uchafu. Likiwa na maji, liache likauke. Usilichokoe kwa sindano, utatoboa kizuizi cha maji kilicho ndani.