Kipese: Kwa fundi wa mnara, mita za kwanza ndizo za kuogopwa

Mtu anayepita barabara ya Kipese, katika milima ya Lubero, akiona fundi ameparama mnara wa simu huingiwa na hofu kadiri fundi anavyozidi kupanda. Lakini karibu na ardhi kuna hatari isiyoonekana: kamba inayomwokoa mtu juu inaweza isimsaidie hapo chini.

Fundi huvaa mshipi wa mwili mzima, wenye kamba mbili za ndoano. Ndoano moja haifunguliwi kabla ya nyingine kushika chuma. Kamba huwa na kifuko kilichokunjwa utepe ndani. Mtu akianguka, utepe hukatika mshono taratibu na kupunguza mshtuko.

Tufanye hesabu. Kamba ina mita 2. Utepe ukifunguka wote huongeza mita 1.75. Kutoka pale kamba inaposhika mshipi hadi nyayoni ni kama mita 1.5, na mita 1 huachwa kwa usalama. Jumla ni mita 6.25 chini ya ndoano. Fundi aliye mita 5 juu ya zege, aliyeshika ndoano usawa wa miguu, atagonga zege kabla kamba haijamsimamisha. Akiishika mita 2 juu ya nyayo zake, anahitaji mita 4.25 tu, na atasimama hewani. Ndiyo maana ndoano hushikwa juu ya kichwa, tena kwenye chuma cha mnara wenyewe. Vishikio vya nyaya havikutengenezwa kubeba mtu anayeanguka.

Kamba ambayo kifuko chake kimefunguka haitumiki tena, hata kama inaonekana nzima. Ikaguliwe kabla ya kupanda, mshono kwa mshono.

Hesabu hiyo huandikwa chini, kabla ya mtu kugusa ngazi, pamoja na mambo mengine: antena zipi zizimwe au zipunguzwe nguvu, nani azuie watu wasipite chini ya mnara, na saa ngapi kazi isimame. Huku milimani mvua na radi huja sana alasiri, kwa hiyo asubuhi ni bora. Ngurumo ikisikika, fundi ashuke. Asisubiri kuona umeme.

Swali linalosahaulika ni hili: kamba ikimshika, nani atamshusha? Mtu anayening'inia bila kusogea anaweza kuzimia ndani ya dakika chache, kwa sababu damu hukwama miguuni. Kutoka Kipese hadi hospitali kubwa za Butembo ni safari ya barabara ya udongo, ngumu zaidi mvua ikinyesha. Kwa hiyo mwokoaji hawezi kuitwa kwa simu. Lazima fundi wa pili, aliyefunzwa kushusha mtu, awe hapo akiwa amevaa mshipi wake, na kamba ya uokoaji iwe tayari mnarani. Akiwapo mlinzi wa mnara peke yake, kazi iahirishwe.