Fahamu: Kwa nini simu huumiza kifundo cha mkono upande wa kidole gumba

Kano mbili zinazoinua kidole gumba na kukivuta pembeni hupita kwenye ala nyembamba kifundoni. Gumba likiperuza skrini kwa saa nyingi, ala hiyo huweza kuwa nene na kuzibana kano.

Jipime taratibu: kunja gumba ndani ya ngumi, kisha inamisha mkono upande wa kidole cha mwisho. Maumivu makali kifundoni upande wa gumba huashiria tatizo hili.

Shika simu kwa mkono mmoja, gusa skrini kwa kidole cha shahada cha mkono mwingine. Weka barafu iliyofungwa kitambaani kwa dakika 10 hadi 15. Maumivu yakiendelea, daktari anaweza kukupa kifaa cha kutuliza gumba au sindano ya kupunguza uvimbe.